Mvua iliyolala dirishani: ubishi wangu na binamu kwenye basi la Mbeya

*"Mwalimu, wiki iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Dodoma, mvua ikinyesha. Nilikaa dirishani nikaona mistari ya mvua imelala. Kwa kukadiria, kila ikishuka hatua moja ilikuwa inarudi nyuma hatua mbili. Abiria walikuwa wanalalamika kwamba dereva amezidi themanini. Je, kwa mistari ile ningeweza kujua basi linakwenda kasi gani? Na mvua ilikuwa imeinama kweli, au basi ndilo lililoniinamishia?"*

Ungeweza, ila inategemea ulitazama mistari ipi. Mimi mwenyewe nilifundisha fizikia miaka kadhaa bila kuijua tofauti hiyo, mpaka siku niliyosafiri na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye kazi yake ni kuezeka bati. Ngoja nikusimulie safari hiyo, kwa sababu kila ulichouliza tulikibishania humo ndani.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri tukielekea Mbeya, masika imekolea. Baada ya Morogoro mvua ikashuka, nene, matone makubwa. Binamu yuko dirishani, mimi niko kwenye korido. Akaniambia, "Binamu, leo mvua ya upepo. Tazama ilivyolala." Nami, kwa kiburi cha chaki, nikamjibu kwamba hakuna upepo wowote, mvua inaanguka wima, ni sisi tunaokimbia. Akacheka. "Mvua naiona kwa macho yangu, wewe unaniambia ninachoona sicho?"

Nikaanza somo. Nikamwambia hakuna kasi ya kitu peke yake. Ipo kasi ya kitu ukikilinganisha na kingine. Mtu aliyesimama chini ya mwembe kando ya barabara anaona tone linashuka mita nane kila sekunde, wima. Sisi tunampita mtu huyo kwa mita ishirini na mbili kila sekunde, ndiyo kilomita themanini kwa saa. Kwetu sisi mwembe unarudi nyuma mita ishirini na mbili kwa sekunde, mtu yule naye vilevile, na tone nalo lazima lirudi nyuma kwa kiasi hichohicho, huku likiendelea kushuka mita zake nane. Ukiunganisha kurudi nyuma ishirini na mbili na kushuka nane unapata mstari uliolala karibu kabisa. Hiyo ndiyo kasi linganishi: unachukua kasi ya mvua, unaitoa kasi yako, kinachobaki ndicho jicho lako linachoona.

Binamu akasikiliza, akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza. "Sawa. Mimi naezeka nyumba. Mvua ikianguka wima, ukuta chini ya upenu haulowi hata kidogo. Ukuta ukilowa, mwenye nyumba ananipigia simu na mimi namwambia huo ni upepo, si bati langu. Sasa basi letu linakwenda mbele, halikwendi ubavuni. Kioo hiki kiko ubavuni kama ukuta. Kama mvua inaanguka wima na sisi tunakwenda mbele tu, kioo hiki kimelowaje?"

Nilinyamaza mpaka tukapita kijiji kizima.

Ana haki. Fikiria tone linaloshuka wima kando ya basi, nusu mita kutoka kioo. Kwetu linarudi nyuma na kushuka chini, lakini halina mwendo wowote wa kusogea kuja kwenye kioo. Litapita sambamba nacho hadi lifike ardhini, na umbali wa nusu mita utabaki nusu mita. Kwa hesabu niliyokuwa nimemwonyesha, kioo cha mbele kinapaswa kupigwa sana, paa lipigwe kama lingepigwa basi likiwa limesimama, na vioo vya ubavuni vibaki vikavu. Ilhali cha kwetu kilikuwa kinatiririka.

Nikamwomba avuke korido akatazame vioo vya upande wa pili. Akarudi akasema, "Kule kuna vidoadoa tu. Huku kwetu ndiko kunakomwagika." Basi upepo ulikuwepo, tena ulikuwa unatupiga ubavuni kutoka upande wetu. Alikuwa sahihi kuhusu upepo, ila si kwa sababu aliyoitoa mwanzo: kulala kwa mvua kuelekea nyuma kulitokana na mwendo wa basi, na kulowa kwa kioo ndiko kulikoshuhudia upepo. Vile vidoadoa vya upande wa pili navyo vilikuwa na chanzo chake. Uso wa basi unapoikata hewa, unaisukuma kando, na hewa hiyo hujikunja ubavuni ikibeba matone madogo. Kuna na maji yanayomwagika kutoka ukingo wa paa, na yale yanayorushwa na matairi ya lori mnalopishana nalo.

Hapo ndipo unapoanza kuona kwa nini nilikwambia inategemea ulitazama mistari ipi. Dirishani kuna mistari ya aina mbili, na watu wengi, hata waandishi wa maswali ya mitihani, huichanganya.

Ya kwanza iko nje, hewani. Ni matone yanayoanguka, ila yanapita upesi mno hata jicho haliwezi kuliona tone moja moja, linaona ufito mwembamba. Fito hizi zimenyooka, zote ziko sambamba, na huonekana vizuri nyuma yake kukiwa na kitu cheusi, kama msitu au ukuta wa mlima. Hizi ndizo zinazofuata hesabu ya kasi linganishi.

Ya pili iko juu ya kioo chenyewe, ni michirizi. Tone likishagonga kioo linanasa hapo, kwa sababu maji hupenda kushikamana na kioo. Dogo litatulia tu likitetemeka. Likiungana na mengine na kunenepa, uzito unalivuta chini na hewa inayopita inalisukuma nyuma, na kioo nacho bado kinalishikilia. Mchirizi unaenda upande ambao nguvu hizo tatu zimekubaliana. Mvua ilikuwa inaanguka kwa kasi gani kule angani, mchirizi haujui na hauwezi kukwambia. Utautambua kwa kupinda kwake: unakwenda, unasita, unameza tone lingine, unashuka ghafla. Michirizi miwili jirani, mmoja mnene na mmoja mwembamba, inaweza kulala kwa pembe tofauti kabisa wakati basi ni moja na mvua ni moja. Mahali ambapo hewa inajikunja, kama nyuma ya nguzo ya dirisha, utauona mwingine hata unapanda juu. Binamu aliuona huo akanigonga bega: "Na huu nao unasemaje, mwalimu? Mvua inapanda mbinguni?"

Kwa hiyo tukaacha michirizi tukatazama nje. Na kwa kuwa yeye ni fundi, hakutaka maneno tena, alitaka kupima.

Vifaa vyetu vilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, lile la vyumba vya mraba, na saa ya mkononi. Kasi ya basi tuliipata kwa vibao vya kilomita vya kando ya barabara: hesabu sekunde kutoka kibao hadi kibao, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, sekunde 72 ni 50. Karatasi tuliibandika kwenye kioo kwa mate, mistari yake ya kusimama ikiwa sawa na wima. Unachagua ufito wa mvua, unauzoea kwa jicho, kisha unahesabu unapita vyumba vingapi kwa upana wakati unashuka vyumba kumi.

Kuna sharti moja: tazama ubavuni moja kwa moja, pua ikielekea kioo. Ukigeuza shingo kutazama mbele, fito zote zitaonekana kama zinachomoza kutoka sehemu moja kule mbele, na pembe utakayopima itakuwa imepotoshwa na macho.

Tulipoingia hifadhi ya Mikumi dereva akashuka hadi 50, maana mle wanyama wako barabarani. Saa yetu ikasoma sekunde 72 kwa kilomita. Binamu akahesabu: vyumba 17 kurudi nyuma kwa kila 10 vya kushuka. Basi likienda 50 kwa saa linakwenda mita 13.9 kwa sekunde. Mwinamo wa 17 kwa 10 unamaanisha basi lina kasi mara 1.7 ya mvua inayoshuka, hivyo mvua ilikuwa inashuka 13.9 gawa kwa 1.7, yaani mita 8.2 kwa sekunde.

Hiyo ni namba yenye akili. Tone la mvua haliongezi kasi kutoka winguni hadi chini. Lingefanya hivyo bila hewa, lile la kutoka kilomita mbili juu lingetufikia kwa karibu mita 200 kwa sekunde na bati za binamu zingekuwa chujio. Hewa inalizuia, na mapema sana tone linafikia kasi ambayo uzito wake na kizuizi cha hewa vinalingana, kisha halibadiliki tena. Vipimo vya maabara vinajulikana tangu miaka ya 1940: tone lenye kipenyo cha milimita moja hushuka kama mita 4 kwa sekunde, la milimita mbili 6.5, la tatu 8, la tano 9. Zaidi ya hapo tone hupasuka lenyewe, ndiyo maana hakuna mvua inayopita sana mita 9 kwa sekunde katika hewa ya huku chini, labda iwe ya mawe. Shika namba hiyo ya 9, tutairudia kwako.

Nikamwambia binamu, "Tukitoka hifadhini dereva atapanda hadi themanini. Kabla hujahesabu, nakwambia utapata 27." Niligawa 22.2 kwa 8.2. Tulipoupita mji wa Mikumi barabara ikafunguka, vibao vikawa vinapita kila sekunde 45, naye akahesabu, akahesabu tena, akasema 26. Akanitazama kwa jicho ambalo mabinamu hutazamana wakati mmoja amepata bao. Lakini hakukubali yote.

"Kwa hiyo umeshinda wewe? Mvua ni wima?"

Sikushinda. Hili ndilo swali lako la pili, na jibu lake watu hawalipendi. Mvua husafiri na hewa. Ule mwinamo unakwambia basi linaipita hewa kwa kasi gani, basi. Lingekuwa limeegeshwa stendi na upepo unavuma kilomita 80 kwa saa kutoka mbele, fito zingelala vilevile, 27 kwa 10, hata chumba kimoja kisingetofautiana. Kwa kutazama mvua peke yake huwezi kusema ni nani anayekwenda. Aliye chini ya mwembe anasema wima, aliye ndani ya basi anasema imelala, na kila mmoja akipima kwa uangalifu atapata namba sahihi ya mahali alipo. Kudai kwamba wa mwembeni ndiye anayeona "kweli" ni upendeleo tu wa sisi tuliozoea kusimama juu ya ardhi, ardhi ambayo yenyewe inazunguka na mwembe wake.

Binamu aliona nakwepa. Kilichomlainisha ni tone moja la maji. Dirisha la paa la basi lile lilikuwa linavuja, na kila baada ya muda tone lilimdondokea gotini. Nikamwonyesha: tupo kwenye themanini, na tone hili linatoka paani na kutua gotini pako palepale, wima kama timazi. Kutoka paani hadi gotini ni kama mita 1.2, linatumia nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo basi limekwenda mita 11. Kama tone lingeachwa nyuma, lingemwangukia abiria wa siti ya mwisho. Halikuachwa kwa sababu lilipokuwa limening'inia paani lilikuwa tayari linasafiri nasi, na hewa ya humu ndani nayo inasafiri nasi. Tone la nje halijawahi kupanda basi. Galileo alitoa mfano huohuo mwaka 1632, wa maji yanayodondoka ndani ya chumba cha jahazi linalokwenda. Mtu wa kando ya barabara angeliona lile la gotini likienda mbele mita 11 huku likishuka. Imeinama au haikuinama? "Inategemea nani kalipa nauli," binamu akasema, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Tulipofika Kitonga kipimo chetu kilitaka kutuaibisha, na ni vizuri uyajue makosa yake. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Basi lilikuwa linakwea nyuma ya malori, likitambaa. Binamu akatarajia fito zisimame karibu wima, lakini zilikuwa bado zimelala 10 kwa 10, nusu pembemraba kamili. Kwa mvua ya Mikumi mwinamo huo ungemaanisha karibu kilomita 30 kwa saa, wakati kilomita moja ilituchukua zaidi ya dakika nne, ambayo ni kama 14. Nani kadanganya? Hakuna. Manyunyu yale yalikuwa matone ya milimita moja hivi, yanayoshuka mita 4 tu kwa sekunde, nusu ya yale ya kwanza. Mvua ikishuka polepole, hata basi la polepole linailaza. Kwa hiyo bila kujua mvua ni ya namna gani, mwinamo peke yake haukupi kasi.

Kosa la pili lilikuwa la karatasi. Mlimani basi limeinua pua, na fremu ya dirisha haiko wima tena. Binamu akafunga nati kwenye uzi akatengeneza timazi, akaipanga karatasi upya. Ilifaa, mradi dereva anakwenda kasi moja. Akikanyaga breki timazi yenyewe inaruka mbele, akikanyaga mafuta inarudi nyuma, na hapo hupimi chochote.

Makambako tulikuta mvua na upepo wa kule unaojulikana. Basi liliposimama kushusha abiria, fito zilibaki zimeinama, zikielekea upande wa mbele wa basi. Hakukuwa na mwendo wa kusingizia. Hicho ndicho kipimo rahisi cha upepo wa njiani: subiri basi lisimame, mwinamo unaobaki ni wa upepo. Tulipoondoka, upepo ukitusukuma mgongoni, fito zilisimama kwanza, zikawa wima kwa muda wakati basi lilipofikia kasi ya upepo, ndipo zikaanza kulala nyuma. Binamu alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi. "Ona, sasa hivi mvua ni wima kwetu, na wale wa barabarani ndio wanaoiona imelala!"

Sasa safari yako. Ulipata mbili kwa moja. Kama mvua ilikuwa nzito, matone ya kukuchoma ukitoa mkono nje, chukua mita 8 kwa sekunde za kushuka. Mara mbili ni 16 kwa sekunde, yaani kama kilomita 58 kwa saa. Ukiruhusu makosa ya jicho na ya ukubwa wa matone, sema kati ya 50 na 65. Kama yalikuwa manyunyu, ni chini ya hapo.

Je, dereva angeweza kuwa juu ya 80? Ili basi liende mita 22.2 kwa sekunde na mwinamo ubaki mbili kwa moja, mvua ingepaswa kushuka mita 11 kwa sekunde, na nimekwambia matone hayafiki huko. Njia pekee iliyobaki ni upepo wa mgongoni. Hata kwa matone makubwa kabisa, ya mita 9, ungehitaji upepo wa mita 4 kwa sekunde unaoelekea mnakoelekea, na kwa mvua nzito ya kawaida, mita 6, ambao ungeiona miti ikiyumba. Kumbuka kama mliposimama popote mvua ilikuwa imeinamia mbele ya basi. Kama haikuwa, abiria walimwonea dereva.

Hayo yote ni kama ulipima fito za hewani. Kama ulichopima ni michirizi ya kwenye kioo, hesabu yangu yote ya hapo juu haikuhusu, na ubishi wa abiria ubaki kama ulivyokuwa.